Dakika Ishirini na Bwana Samaki: Namna ya Kumwomba Mtaalamu Akueleze Kazi Yake

Kila mwaka vyuo vikishatoa wahitimu, simu yangu huanza kuingia meseji za namba nisizozijua. Wengi ni vijana wa hapa hapa Kigoma, wa Ujiji, Mwanga na Mwandiga, waliosomea uvuvi, viumbe wa majini au mazingira. Wamerudi nyumbani na vyeti vyao na wanataka kujua waanzie wapi. Mimi nafanya kazi ya uvuvi huku ziwani, kwa hiyo naandika haya nikiwa upande wa anayeombwa. Meseji nyingi hazijibiwi, na si kwa sababu anayezipokea ana roho mbaya. Zinaomba kitu ambacho hana, yaani kazi.

Afisa uvuvi wa halmashauri, ambaye wavuvi bado wanamwita bwana samaki, hana ajira mfukoni. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi hupita kwenye Ajira Portal, halafu kuna usaili wa mchujo wa kuandika na baadaye wa ana kwa ana. Yeye hayumo katika chumba hicho. Ukimwandikia "naomba unisaidie mchongo wowote", unamwachia njia mbili mbaya: akuahidi asichokiweza, au akae kimya aonekane ana maringo. Wengi hukaa kimya.

Kitu alicho nacho ni kingine. Anajua siku ya kazi hiyo ilivyo, anajua alivyofika hapo, na anajua wenzake waliokwama walikwamia wapi. Hayo hayamo kwenye tangazo lolote, na kuyasimulia hakumgharimu zaidi ya dakika ishirini. Mwongozo huu ni wa kuomba dakika hizo na kuzitumia. Nitamfuata mhitimu mmoja wa mfano: binti wa Ujiji mwenye shahada ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, anayetaka kuzungumza na afisa uvuvi wa halmashauri.

Hatua ya 1: Jua unachotaka kuamua

Kabla ya kutafuta mtu, tafuta swali. "Nataka kujua kuhusu uvuvi" si swali, na atakayejibu hatajua aanzie wapi. Kwa mhitimu wa uvuvi aliyeko Kigoma, njia zinazoonekana ni chache na zinatofautiana sana. Kuna halmashauri, ambako kuna maafisa uvuvi wanaoshughulika na leseni, takwimu, doria na wavuvi wenyewe. Kuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, yenye kituo hapa Kigoma, ambako kazi ni ya utafiti na anayetaka kupanda ngazi hana budi kuendelea na shule. Kuna FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, nao wana kampasi hapa. Kuna miradi ya mashirika, kama ule wa Tuungane wa vijiji vya Uvinza. Na kuna biashara ya dagaa na migebuka, ambayo wasomi wengi huidharau mpaka wajue wenye vyombo wanaingiza nini.

Binti wetu anasita kati ya halmashauri na utafiti. Hilo linatosha. Sasa anajua kwamba anahitaji watu wawili, mmoja kila upande, na kwamba kwa kila mmoja atakuwa na jambo la kupima: je, kazi hii kama inavyofanyika siku hadi siku naiweza, na nikiingia huku mlango wa upande wa pili unabaki wazi?

Usianze na mkuu wa idara. Kijana anadhani mtu mkubwa ndiye mwenye majibu, lakini mkubwa aliajiriwa zama nyingine kwa utaratibu mwingine, na siku zake zimejaa vikao. Mtafute aliye kazini miaka mitatu hadi saba. Huyo bado anakumbuka barua ya kupangiwa kituo ilivyomkuta, alivyoishi kabla mshahara wa kwanza haujaingia, na kitu gani alichosoma chuo hakijamsaidia mpaka leo.

Hatua ya 2: Maliza yanayosomeka

Ukishapata dakika ishirini, ni aibu kuzitumia kuuliza yaliyoandikwa. Tafuta tangazo la zamani la nafasi ya Afisa Uvuvi Daraja la II. Ndani yake kuna majukumu, sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Kwa hiyo swali la mshahara unalifuta kwenye orodha yako. Lisome tangazo lote, uweke alama kwenye majukumu ambayo huwezi kuyaona kwa macho yako yanafanyikaje. Alama hizo ndizo zitakazozaa maswali yako.

Jua pia mambo ya ziwa yanayojulikana na kila aliye kazini. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na samaki hawasimami mpakani. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wetu zilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mhitimu wa uvuvi wa Kigoma anayeuliza "hivi ziwa liliwahi kufungwa?" anamaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Anayeuliza "ile miezi mitatu kazi yako ilibadilikaje?" atapata simulizi ambayo hakuna kitabu kinayo.

Hatua ya 3: Ipate namba kwa njia safi

Kigoma ni mji wa watu wanaojuana. Namba ya mtu yeyote utaipata jioni moja ukiamua, na ndiyo maana njia uliyoipitia inaonekana. Njia nzuri ni mtu mnayemfahamu wote wawili: mwalimu wako wa mafunzo kwa vitendo, mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wenu, mama anayeuza dagaa Kibirizi ambaye afisa humsalimia kwa jina. Usimwombe akupe namba tu. Mwombe amuulize mwenye namba kwanza. Maneno yanatosha yakiwa hivi: "Mama, naomba ukikutana na afisa umuulize kama naweza kumwandikia. Nataka kumuuliza kuhusu kazi yake, siombi ajira." Akikubali, meseji yako itafika ikiwa inasubiriwa.

Ukikosa mtu wa kati, nenda ofisini mwenyewe. Saini daftari la wageni, na kwenye sehemu ya sababu ya ujio andika "kuomba miadi", kwa sababu siku hiyo unaomba siku nyingine tu. Katikati ya wiki asubuhi, watu wakishakaa, ni afadhali kuliko Jumatatu ya vikao au Ijumaa ambayo wengine wanawahi msikitini.

Halafu tazama mwezi. Hili wahitimu hawalifikirii, na kwa kazi yetu lina uzito kuliko kalenda ya ukutani. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, kwa hiyo vyombo hupumzika siku kadhaa kila mwezi na mialo hupoa. Giza likirudi, mwalo unaamka kabla ya jua, na afisa wa takwimu yuko pale na mizani wakati wewe umelala. Ukiomba nafasi katika siku za mbalamwezi unaonyesha, bila kujisifu, kwamba unaijua kazi unayoiulizia. Epuka pia Juni, maana mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 na kila ofisi inakimbizana na hesabu na ripoti.

Hatua ya 4: Andika meseji

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Meseji ya kawaida ninayoipata inasomeka hivi:

"Mambo vipi bro, mimi ni graduate wa fisheries, naomba konekisheni hata ya kujitolea, nipo tayari kwa lolote, nimeattach sivii."

Hakuna jina. Hajasema namba kaipata wapi. Salamu ni ya kijiweni kwa mtu asiyemjua. "Nipo tayari kwa lolote" anadhani ni unyenyekevu, lakini mpokeaji anasoma kwamba huyu hajui anachotaka. Na ile sivii imeshamfungia mlango, kwa sababu sasa kujibu ni kuahidi. Sasa tazama ya binti wa Ujiji:

"Shikamoo Afisa. Naitwa (jina kamili). Nimehitimu mwaka huu shahada ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa nipo nyumbani Ujiji. Namba yako nimepewa na mwenyekiti wa BMU, ambaye aliniambia amekuuliza. Naomba dakika 20 za muda wako, kwenye siku za mbalamwezi au siku nyingine itakayokufaa, nikuulize ulivyoingia kwenye kazi hii na miaka yako ya kwanza ilivyokuwa. Siombi kazi wala nafasi ya kujitolea. Ninajaribu kuamua kati ya halmashauri na utafiti, na ningependa kuielewa kazi kwanza. Naweza kuja ofisini au mwaloni, au tuongee kwa simu. Ukiwa huna nafasi kipindi hiki nitaelewa. Asante."

Ni ndefu kidogo kwa meseji, lakini inasomwa mara moja na kumalizika. Salamu kwanza. Shikamoo ni kwa aliyekupita umri waziwazi. Kwa mtu mnayekaribiana, "Habari za kazi, kaka" au "dada" inatosha, maana kumwamkia mtu wa miaka ishirini na tisa kunamzeesha na kumchekesha. Mama mtu mzima mwite Mama pamoja na cheo chake. Mtafiti mwenye shahada ya uzamivu ni Dokta, na ukisahau hilo wapo watakaokusamehe na wapo watakaokumbuka.

Dakika zimetajwa. Mtu akiombwa "muda kidogo" anafikiria asubuhi nzima imekwenda. Akiombwa dakika ishirini anajua atakuweka wapi. Usiseme tano, kwa sababu hakuna anayeamini tano, na usiombe saa nzima.

"Siombi kazi wala nafasi ya kujitolea" ndiyo sentensi inayobeba meseji nzima. Inamwondolea mpokeaji mzigo, na ndiyo maana lazima iwe kweli. Ukiiandika huku umepanga kuitoa sivii dakika ya kumi na tisa, utakuwa umemdanganya mtu wa mji wenu, na habari hiyo itamfikia yule mwenyekiti kabla hujafika nyumbani.

Neno "kuamua kati ya halmashauri na utafiti" linamwonyesha kwamba atakachosema kitatumika. Watu wanapenda kuulizwa jambo wanaloweza kulijibu. Na sentensi ya mwisho inamwachia nafasi ya kukataa bila kuumiza, jambo ambalo, kwa jinsi nilivyoona, huwafanya wengi wakubali.

Andika kwa maandishi ya kawaida, bila sauti ya kurekodi. Sauti ya dakika mbili kutoka kwa mtu usiyemjua husubiri mpaka usiku, kisha husahauliwa. Wala usibipu. Kumbipu mtu unayemwomba msaada ni kumwambia alipie yeye.

Hatua ya 5: Kimya kikija

Subiri wiki nzima. Tiki za bluu hazina maana yoyote. Afisa anaweza kuwa ameisoma akiwa ndani ya boti ya doria, akasema atajibu akifika nchi kavu. Baada ya wiki tuma ukumbusho mmoja mfupi: "Shikamoo Afisa, nilikuandikia wiki iliyopita kuhusu dakika 20 za kuuliza juu ya kazi yako. Najua mna mambo mengi. Kama kipindi hiki hakifai, nitashukuru ukiniambia." Akinyamaza tena, mwache. Mtafute mwingine, na usimlalamikie yule wa kwanza kwa mtu yeyote. Mnaweza kukutana kwenye semina au kwenye chumba cha usaili.

Hatua ya 6: Mahali na tahadhari

Ofisini, mwaloni, au mgahawani mchana palipo na watu. Kama ni mgahawani, wewe ndiye uliyeomba, kwa hiyo uwe na hela ya chai mbili. Wengi watakuzuia kulipa, na ukizuiwa usibishane.

Nawasemea hasa mabinti, ingawa linawahusu wote: mtu akisema mkutane nyumba ya wageni, au usiku, au akianza kusema mambo yako "yatakwenda" ukiwa mwelewa, hayo si mazungumzo ya kazi tena. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Vivyo hivyo kwa anayetaka "hela ya kusogeza jina". Kuomba kazi kupitia Ajira Portal hakulipiwi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika mapema kidogo. Chukua daftari dogo na kalamu mbili. Bahasha ya kaki iache nyumbani. Nasisitiza hilo, kwa sababu bahasha ya kaki mezani inajulikana na kila mtumishi wa nchi hii: ina vyeti, na vyeti vinaomba kazi. Umeandika huombi kazi, basi mkono wako useme hivyo hivyo.

Anza kwa kumkumbusha kwa ufupi wewe ni nani na unajaribu kuamua nini. Omba ruhusa ya kuandika. Usirekodi sauti, hata kwa nia njema, maana mtumishi wa umma akiona simu inarekodi atakusomea majukumu yake kama yalivyo kwenye tangazo.

Kama baba au mjomba wako ni mvuvi, sema mwanzoni. Afisa huyu ndiye anayekamata makokoro na nyavu haramu, na ukoo wako unaweza kuwa umo kwenye kumbukumbu zake. Akiligundua baadaye atahisi umetumwa. Ukilisema mwenyewe atacheka na kuendelea. Usiulize nani alikamatwa, nani aliachiwa, nani anajulikana kwa nini. Hayo yanaufunga mdomo wa mtu kwa haki.

Maswali matano yanatosha, na hutayamaliza. Binti wetu aliandika haya:

1. Ukiacha yaliyoandikwa kwenye tangazo, wiki iliyopita ulifanya nini hasa?
2. Ulipopangiwa kituo, ni kitu gani ulikuta hukufundishwa chuoni?
3. Wenzako mlioanza pamoja walioacha, waliacha kwa sababu gani?
4. Mtu akiingia halmashauri, je, anaweza kuhamia utafiti baadaye, na umemwona aliyefanya hivyo?
5. Nani mwingine ungenishauri nizungumze naye, na naweza kusema ni wewe uliyenielekeza?

Swali la kwanza ndilo lenye mali nyingi, lakini kwa sharti moja: usikimbilie la pili. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi.

"Wiki iliyopita?" anasema afisa. "Jumatatu kikao. Jumanne alfajiri nilikuwa Kibirizi kwenye takwimu. Jumatano leseni, kutwa nzima. Alhamisi doria. Ijumaa nikaandika ripoti."

Muulizaji wa haraka hapa huandika "kikao, takwimu, leseni, doria, ripoti" na kuuliza linalofuata. Ametoka na orodha ambayo tangazo lingempa. Binti wetu anasimama kwenye neno moja.

"Samahani Afisa, hiyo Jumatano ya leseni, kutwa nzima inakuwa na nini ndani yake?"

Na hapo afisa anaegemea kiti. Anaeleza kuhusu mwenye chombo aliyekuja na karatasi za marehemu kaka yake, mwingine anayesema alishalipia mwalo mwingine, yule aliyekuja na watu watatu wa kumsemea. Anaeleza kwamba halmashauri ina lengo la mapato na uvuvi una fungu lake humo, kwa hiyo mwisho wa siku anaulizwa zimeingia ngapi, haulizwi dagaa wangapi wako ziwani. Anaeleza alivyompigia mwenyekiti wa BMU mara tatu ili kujua chombo ni cha nani. Binti anaandika kwenye daftari: mapato, migogoro, ushahidi wa umiliki, BMU. Hakuna somo la chuo lililobeba hata moja kati ya hayo kwa uzito huo. Kama alikuwa anaipenda halmashauri kwa sababu anapenda samaki, sasa ana jambo la kufikiri. Kama anapenda watu, naye ana jambo la kufikiri.

Ikisimama hivi, jibu moja linaweza kula dakika kumi. Liache liendelee. Swali la tatu na la nne unaweza kuyapata ndani ya simulizi bila kuyauliza. La tano usilipoteze kamwe.

Simu yake itaita. Mvuvi ataingia na shida yake. Inuka, uliza kama utoke nje, na ukiruhusiwa kukaa, angalia daftari lako na usimwangalie yeye machoni akizungumza na mwingine. Kwa kweli dakika hizo za kukatizwa zinakuonyesha kazi kuliko maelezo.

Dakika ya kumi na nane, bila kuangalia saa yake, sema: "Afisa, muda niliouomba unakaribia kwisha. Nina swali moja la mwisho." Uliza la tano. Akisema kaa tuendelee, kaa. Akinyanyuka, nyanyuka naye. Aliyetoka kwa wakati huitwa tena.

Pengine atauliza mwenyewe: "Sivii yako iko wapi?" Hapo umeombwa, hukuomba. Mwambie utamtumia jioni hiyo, na uitume jioni hiyo. Akikuambia kuna nafasi ya kujitolea kuhesabu mavuno mwaloni, usikubali palepale kwa furaha. Uliza ni kwa muda gani, nani atakusimamia, barua inaandikwa kwa nani, na nauli ya alfajiri ni ya nani. Mtu anayekaa Ujiji akitakiwa Kibirizi kabla ya jua kila siku ya giza, bodaboda peke yake inaweza kumshinda.

Jinsi ya kujua kama mazungumzo yalikwenda vibaya? Si kwa sura ya mtu. Wengine hawatabasamu tangu asubuhi. Angalia daftari. Kama maneno yote yaliyomo ungeyapata kwenye tangazo la ajira, ulikuwa unauliza ukitafuta kusifiwa, au uliruka juu ya majibu. Kama umeongea wewe zaidi yake, hali kadhalika. Na kama hakukutajia mtu hata mmoja, huenda hakukuamini, au ulilisahau swali la tano.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Jioni ileile tuma shukrani, na ndani yake weka kitu kimoja alichokisema. "Asante kwa muda wako" peke yake ni adabu tu. "Asante Afisa. Ile habari ya Jumatano ya leseni imenifanya nifikirie upya, nimeanza kusoma kanuni zinazohusu usajili wa vyombo" inamwambia kwamba ulisikia.

Kabla hujalala, nakili daftari lako kwa sentensi kamili. Kesho hutakumbuka ulipoandika "kaka marehemu" ulimaanisha nini.

Kisha nenda kwa mtu wa pili, yule wa utafiti, na maswali yaleyale. Sasa jina la afisa linakutangulia kama alikuruhusu, na meseji yako inaanza na "Nimeelekezwa kwako na..." Ukishazungumza na wawili au watatu, weka kurasa zao kando kwa kando. Pale wanapokubaliana pana ukweli wa kazi. Pale wanapopingana, mara nyingi ni tabia ya mtu au ya kituo chake, na usiijengee uamuzi.

Jambo moja linaharibu uhusiano huu baadaye kuliko yote. Maombi ya Ajira Portal yanataka wadhamini watatu, na kijana akikosa wa tatu anaandika jina la afisa aliyemwona dakika ishirini. Usifanye hivyo bila kumuuliza. Anaweza kukubali kama umefanya kazi chini yake hata kwa miezi michache. Kama hamjafanya kazi pamoja, atasema nini akiulizwa? Vilevile nafasi zikitangazwa, usimpigie akusemee. Mwambie tu kwamba umeomba.

Na baada ya mwezi au miwili mwandikie mara moja zaidi, hata kama hakuna jipya kubwa: "Shikamoo Afisa. Nilizungumza na yule Dokta uliyenielekeza. Nimeamua kuomba halmashauri kwanza, na nimeanza kwenda mwaloni siku za giza kusaidia BMU kuandika mavuno. Sijaleta ombi lolote, nilitaka ujue ushauri wako ulifika wapi." Meseji za namna hii nazipata chache sana, na nazijibu siku hiyohiyo.